Dakika za Kwanza za Usaili

Mwombaji kazi huanza kupimwa kabla hajaulizwa swali. Mlango ufunguliwapo, macho ya wasaili humfikia naye hajafika kitini. Kisha huja mkono, na mkono una lugha yake. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 98 waliofanyiwa usaili wa majaribio. Walioshika mkono wa mwenzao barabara, kiganja kwa kiganja, huku wakimtazama usoni, walielekea kupendekezwa zaidi kuliko waliotoa mkono mlegevu.

Lakini kipimo hicho hakifai kila mahali. Tumfikirie kijana aliyelelewa Tanga, aombaye kazi ya utunzaji ghala. Kwao amefunzwa kwamba mdogo humwamkia mkubwa, na kwamba mkono wa mkubwa hupokewa kwa upole, macho yakiinama kidogo. Mbele ya msaili mwenye desturi nyingine, adabu hiyo yaweza kudhaniwa kuwa woga. Basi atoe shikamoo kwa sauti isikikayo, angoje mkono unyooshwe, maana msaili mwanamke huenda akaweka kiganja kifuani badala ya kuutoa, na ainue macho atajapo jina lake.

Akisha kuketi huulizwa, "Safari ilikuwaje?" Akijibu, "Njema," akanyamaza, amefunga mlango. Akisimulia habari za basi tangu stendi, amekula wakati wa watu. Sentensi mbili zatosha: "Njema, mzee. Mvua ilininyea Chumbageni, lakini nilitoka mapema." Hapo msaili husikia sauti yake imetulia, na kijana hupata nafasi ya kuvuta pumzi.

Hatari ya dakika hizi iko upande wa wasaili pia. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba picha iliyojengeka katika maongezi ya awali huathiri zaidi alama za maswali ya kwanza kuliko za yale ya mwisho. Kwa hiyo msaili mwadilifu huwauliza waombaji wote maswali yale yale, na huandika alama ya kila jibu kabla ya kuendelea na linalofuata. Vinginevyo apendezwaye kwa maongezi huongezewa alama asizozistahili.

Ndipo huja swali lenyewe: "Tueleze habari zako." Wengi huanzia shule ya msingi na idadi ya ndugu zao, na dakika mbili zikaisha bila kazi kutajwa. Kijana wetu aanzie ghalani: "Kwa miaka mitatu nimetunza ghala la mkonge. Kila Ijumaa nilihesabu marobota na kuyalinganisha na daftari. Yakipungua, nilitoa taarifa siku ile ile." Kisha aseme kwa nini anaitaka kazi hii, anyamaze. Sasa wasaili wana jambo la kumwuliza ambalo halitokani na mkono wake wala tabasamu lake.