Mdogo wangu alitaka mtu mmoja atolewe kwenye picha



Leo sizungumzii vitambaa wala mitindo ya shela. Nataka kuwasimulia picha moja ya familia yetu, kwa sababu wengi mnaonitumia picha za harusi mshawahi kuniuliza kama kuna fundi anayeweza kumtoa mtu. Fundi yupo. Lakini kabla hujamwambia atoe, soma yaliyotukuta sisi.

Mie naishi Unguja ila kwetu ni Namtumbo, mkoa wa Ruvuma, ukishapita Songea kwenye barabara ya kwenda Tunduru. Nilikwenda kwa ajili ya nikaha ya mdogo wangu. Hii ni ndoa yake ya pili. Ya kwanza ilivunjika baada ya mumewe kuoa kwingine kimyakimya na kuacha kuleta matumizi. Mdogo wangu alidai talaka, akapewa, akakaa eda yake akamaliza, na sasa Mungu kamletea mtu mwingine kutoka Songea.

Siku mbili kabla ya nikaha akaniambia, "Dada, nisindikize kwa fundi picha." Nikadhani anataka picha za pasipoti. Tulipofika akatoa simu, akafungua picha ya Idi ya mwaka 2021, akaweka kidole juu ya mtu mmoja. "Huyu namtaka atoke. Wengine wabaki kama walivyo."

Picha ile naijua vizuri. Tumesimama mbele ya nyumba ya mama, watu tisa, nyuma yetu ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa plasta. Mama amekaa kitini katikati, kanga mabegani. Ndiyo picha yake ya mwisho, maana hakuifikia Ramadhani iliyofuata. Mdogo wangu alitaka kuitundika kwenye nyumba yake mpya amuone mama kila siku. Na huwezi kuingia nyumba ya mume mpya ukamtundika mume wa zamani ukutani. Nilimuelewa, na bado namuelewa.

Fundi ni kijana mwenye chumba kimoja kando ya barabara. Anatoa fotokopi, anapiga picha za vitambulisho, anafunika vyeti kwa plastiki. Akasema kazi ya kutoa watu anaipata mara nyingi, na karibu wote wanaotolewa ni waume. Akamuuliza mdogo wangu, "Picha hii umeipata vipi?" Akajibu ilikuja kwa WhatsApp. Fundi akatikisa kichwa. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida WhatsApp huipunguza. Hiyo yetu ilibaki na pikseli 1600 upande mrefu, inayotosha kuchapwa vizuri kwa inchi tano hivi, wakati mdogo wangu alitaka fremu ya A3. Akatuagiza tumtafute aliyepiga, aitume tena kwa kuchagua Document. Kaka yetu ndiye aliyepiga, kwa kuitega simu yake juu ya ndoo, na kwa bahati alikuwa bado nayo. Ikaja kubwa.

Fundi akaifungua kwenye Photoshop, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutengeneza nakala. Ile ya asili hakuigusa. Halafu akasogeza karibu akaanza kutuonesha, bila haraka, na hapo ndipo nilipojifunza.

Alisema watu wanafikiri mtu kwenye picha ni kama pazia, ukilivuta utaona kilicho nyuma. Hakuna kitu nyuma. Kamera haikuona nyuma yake. Kila ukimtoa mtu unaacha shimo, na fundi analiziba kwa vipande anavyochukua pengine. Chombo chake kinaitwa Clone Stamp: unashika Alt, unabonyeza mahali unapotaka kuchukua, halafu unapaka juu ya shimo. Ukuta wa chokaa tupu ni rahisi. Ukuta wa tofali unahitaji kila mstari wa udongo ukutane na mwenzake. Nikamwelewa pale pale, kwa sababu ndiyo kazi yangu: ukishona gauni la maua makubwa halafu maua yasikutane kwenye mshono, hata asiyejua kushona anaona kuna kitu kimekwenda upande.

Akajaribu mbele yetu. Kichwa na kifua vilikwenda kama dakika ishirini, na tofali zikakaa vizuri. Kisha akashuka chini. Jua lilikuwa la alasiri, na kivuli cha yule bwana kimelala chini mpaka kwenye miguu ya shangazi. "Nikimtoa nikaacha kivuli," akasema, "mtu atahesabu vivuli." Kivuli nacho kikaondoka. Akatuonya pia kuhusu kaka yetu, ambaye nusu ya uso wake imefichwa na bega la yule bwana. Hiyo nusu haipo popote. Itabidi ageuze nusu inayoonekana, na hakuna binadamu mwenye nusu mbili zinazofanana. Kaka angebaki na sura ya mtu mwingine.

Hayo yote mdogo wangu aliyakubali. "Kaka atanisamehe," alisema, tukacheka.

Tatizo lilikuwa mikono.

Mkono wa kushoto wa yule bwana umembeba binti yao, wakati huo ana miaka miwili. Ukimtoa baba, mtoto anaelea hewani na tumbo lake limekatwa na mkono usio na mwenyewe. Fundi akasema anaweza kumhamishia mtoto mapajani kwa bibi yake, ila itabidi amtengenezee tumbo na mguu mmoja, na mwanga wa usoni utamgeukia upande usio wa wenzake.

Mkono wa kulia upo begani kwa mama.

Fundi alipousogeza karibu, vidole vinne juu ya kanga, sote tulinyamaza. Siku ile mama alikuwa hawezi kutembea. Aliyemtoa ndani akamkalisha kwenye kiti kile ni yule bwana. Na alimshika bega mpaka picha inakwisha kwa sababu mama alikuwa anainama upande. Kabla ya hapo ndiye aliyekuwa akimpeleka Songea hospitali, kiasi cha kilomita 70, kwenda na kurudi, na hakuwahi kutudai nauli.

Nikamwambia mdogo wangu taratibu, "Huu mkono unaujua."

Akasema, "Naujua, dada. Sijasahau. Ndiyo maana sitaki kuuona."

Sikuwa na la kumjibu, na sikutaka kumhubiria mbele ya fundi. Lakini usiku sikulala vizuri. Nilikumbuka aya ya 237 ya Suratul Baqara, ambayo imo katikati ya hukumu za talaka, na humo Mwenyezi Mungu anatukataza kusahau wema uliokuwa baina yetu. Hakuwaambia hayo wanaopendana. Amewaambia wanaoachana. Nikakumbuka pia aya ya 5 ya Suratul Ahzab, inayoagiza watoto waitwe kwa baba zao. Sijui fiqhi ya kuhariri picha, hilo waulizwe masheikh. Ila nilijiuliza: mtoto huyu akikua akaikuta picha ya Idi ambayo baba yake hayumo, tutamwambia nini? Kwamba hakuja siku ile? Hapo picha itakuwa imesema uongo kwa niaba yetu.

Niliwahi kusoma habari ya Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin. Alipigwa picha akitembea naye kando ya mfereji wa Moscow. Aliuawa mwaka 1940, na picha ikatolewa upya, mahali pake yakabaki maji. Leo picha hiyo inajulikana kwa sababu yake yeye, aliyefutwa. Nakala ya zamani ilibaki, watu wakaziweka mbili pamoja. Na za familia ni hivyo hivyo. Shangazi anayo kwenye simu, kaka anayo, jirani anayo. Utafuta ya kwako, siku moja mtoto atazikuta zote mbili.

Asubuhi nilimwambia mdogo wangu haya ya mtoto tu. Ya mkono sikuyarudia. Akakaa kimya mpaka chai ikapoa, halafu akasema, "Basi mie namtaka mama peke yake."

Tukarudi kwa fundi. Kwa Crop akamkata mama kuanzia kifuani kwenda juu, pamoja na ukuta wa tofali. Vilibaki vile vidole vinne. Fundi akachukua kanga ya bega la pili, akaigeuza, akaifunika juu yake. Ilikaa vizuri mpaka nilipoinama nikaona maandishi ya pembeni yanasomeka kinyumenyume. Nikamwambia, "Fundi, jina la kanga limegeuka." Akacheka, akafuta, akachukua kipande cha chini bila kukigeuza. Vidole vikaondoka. Picha haisemi kwamba mtu fulani hakuwepo. Ni picha ya mama tu.

Ile ya watu tisa haikuguswa. Fundi aliiweka kwenye flashi, akachapa moja ndogo, tukaitia kwenye bahasha. Bahasha ninayo mie Unguja, pamoja na vyeti vyangu. Ni amana ya mtoto. Siku atakapoiuliza, kwa idhini ya mama yake, nitampa, na nitamsimulia aliyemshika bibi yake bega.

Kwa hiyo bibi harusi wangu, ukiwa unataka mtu atolewe, fanya mambo matatu. Mpe fundi picha ya asili, si iliyopita WhatsApp mara tano. Mwambie afanye kazi kwenye nakala na akurudishie zote mbili. Na kabla hujalipa, angalia miguu, vivuli, mistari ya ukuta na vidole, kwa maana uso ndio wa kwanza kuondoka na mkono ndio wa mwisho. Kisha jiulize kama huhitaji tu kuikata picha, badala ya kumfuta mtu.

Nikaha ilikwenda salama, alhamdulillah. Mdogo wangu kaitundika picha ya mama sebuleni. Juzi kanipigia, akasema mume wake kaitazama akauliza mama alikuwa anamtabasamia nani, maana macho yake hayapo kwenye kamera.

Nikamuuliza, "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mjukuu wake."

Na ni kweli. Mtoto alikuwa pale juu kushoto, mikononi mwa baba yake.

Wassalaam.