Zohali ya mama, Mwezi wa mtoto

Neno lililoniponza ni "uzito". Nililitamka mara tatu mbele ya mama mmoja anayeuza mawese karibu na gare, hapa Kamina, na nadhani kila nilipolitamka alimgeukia mwanawe aliyekuwa amekaa mlangoni akimenya ndizi. Nasema nadhani kwa sababu sikumtazama. Nilikuwa nimeinamia karatasi.

Mama huyo alizaliwa katikati ya Novemba 1989, siku ambazo Zohali na Neptuni zilikutana kwenye daraja ya 10 ya Jadi. Mwezi wa mtoto, mwenye miaka tisa, niliupata kwenye daraja ya 12 ya burji hiyohiyo. Zohali ya mama imeukalia Mwezi wa mtoto, basi, wala hakuna msomaji wa nyota atakayeipita hali hiyo bila kusimama. Kwa desturi yetu Mwezi wa mtoto ni namna anavyotulizwa: usingizi wake, chakula chake, kilio chake. Zohali ya mzazi ni mipaka, kazi, na hofu ya kukosa. Zikikaa pamoja hivyo, mzazi huwa mwepesi wa kumpa mtoto wajibu na mgumu wa kumbembeleza.

Hayo ndiyo niliyotaka kusema. Nilichosema ni hiki: "Mama, kuna uzito kati yako na huyu mtoto, tangu azaliwe."

Akauliza polepole: "Papa, uyu mutoto iko na kintu?"

Nikajibu huku nikifuata mstari mwingine kwa kalamu: "Ndiyo, kitu kipo, lakini hakikuanza na yeye. Ni cha ukoo."

Aliyekaa Katanga hahitaji kuelezwa nilichofanya. Kwetu mtoto "mwenye kitu" si mtoto mwenye tabia fulani. Ni mwenye bulozi. Na "cha ukoo" kilimwonyesha mama pa kutazama: kwa mama yake mzazi. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaweka adhabu, kwa sababu watoto wamefukuzwa majumbani kwa maneno mafupi kuliko hayo yangu.

Siku ya tano alikuja nkambo wa yule mtoto. Nilimpa kiti, hakukaa. Mjukuu wake alikuwa anakula peke yake na kulala jikoni, na yeye mwenyewe alikuwa amekatazwa kumshika mkono. Jumamosi mtoto angepelekwa kwenye maombi ya kufunga. "Ulimuambia nini binti yangu?"

Kabla ya kwenda kwa binti yake niliitoa ile karatasi, na nikaona aibu ya pili. Mama alikuwa ameniambia mtoto alizaliwa "saa mbili". Falaki niliisoma Ujiji, kwa hiyo niliandika 8:00 asubuhi. Yeye aliyezoea saa za Kifaransa alimaanisha 2:00, usiku. Kwa saa sita hizo Mwezi husogea kama daraja 3 tu, kwa hiyo ulirudi kwenye 9 na bado uko na Zohali. Lakini burji inayochomoza mashariki hubadilika kwa kama burji tatu, na nyumba zote huhama nayo. Jadi niliyoiweka nyumba ya nne, ya mizizi na wazee, ilikuwa ya saba. "Cha ukoo" hakikuwamo hata kwa kanuni zangu mwenyewe.

Na jambo ambalo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angelijua: Zohali huchukua miaka 29 na nusu kuzunguka. Kwa majuma kadhaa ilikuwa palepale. Kila mwanamke aliyezaliwa siku hizo anamgusa mtoto huyu vilevile, na mimi nililisema kama siri ya nyumba moja.

Nilikwenda kwa mama bila karatasi. Nilimwomba kwanza anisimulie mtoto akilia usiku yeye hufanya nini, swali nililopaswa kuanza nalo siku ile.

"Namwambia alale, kesho kuna kazi," alisema. "Mimi ni wa kwanza wa watoto saba. Nani alinibembeleza?"

Zohali yake aliitaja mwenyewe, katika sentensi ambayo mtendaji ni yeye, si mtoto. Nikamwambia kwamba hicho ndicho nilichokiona, hicho tu. Kwamba nilikosea saa, nikakosea ukoo, na nilipojibu "ndiyo" sikuwa nimesikia swali lake. Kwamba Zohali hiyo si yake peke yake, ni ya kila aliyezaliwa siku zile.

"Na wale wote wa Novemba ile?"

"Wote, mama."

Alinyamaza muda mrefu, akipanguza mdomo wa kidumu cha mawese kwa kidole. Mkeka wa mtoto ulikuwa bado jikoni, umeegemezwa ukutani kando ya mbabula. Hakuuondoa mbele yangu, nami sikuthubutu kumwomba.