Deni kongwe si lazima liwe la kwanza

Fikiria mama mwenye duka la dawa muhimu Kiseke, jijini Mwanza. Ni Septemba 20. Kwenye droo kuna Sh350,000. Anadai Sh1,180,000 na anadaiwa Sh900,000. Ada ya mtoto nayo inasubiri. Aanze na nani?

Majina na kiasi pekee havimjibu. Inabidi apange kila deni kwa umri wake. Wanaodaiwa na duka wanakaa hivi: siku 0 hadi 30, Sh420,000, siku 31 hadi 60, Sh460,000, siku 61 hadi 90, Sh120,000, zaidi ya siku 90, Sh180,000.

Wengi wangekimbilia hao wa siku 90. Lakini ni majirani tisa, kila mmoja na kidogo chake, na mmoja ameshahama. Kwenye siku 31 hadi 60, Sh400,000 ni ya mteja mmoja: shule binafsi iliyochukua vifaa vya huduma ya kwanza. Simu ya kwanza iende huko, tena kwa mhasibu. Deni likiwa bado bichi, karatasi zipo na aliyepokea mzigo anakumbuka.

Kabla ya kupiga, apitie ujumbe wa malipo kwenye simu. Mara nyingi mtu ameshalipa, ila hakuna aliyekata jina lake daftarini. Kumdai aliyelipa ni kumfukuza mteja.

Sasa upande wa pili. Fundi wa shelfu anadai Sh150,000 kwa siku 70, mwenye nyumba Sh200,000 kwa siku 40. Muuzaji wa jumla alitoa dawa mali kauli za Sh500,000 kwa makubaliano ya siku 30, na zimebaki siku mbili. Awamu ya kodi ya TRA, Sh50,000, mwisho wake ni Septemba 30.

Hapa umri peke yake unapotosha. Swali ni: nikichelewa, nini kitatokea? Muuzaji wa jumla akikatisha mali kauli, mzazi atagonga usiku akitafuta dawa ya mtoto na kukuta shelfu tupu. Kodi ikichelewa, inazaa riba.

Shule ikilipa yote, mkononi kuna Sh750,000: muuzaji wa jumla, mwenye nyumba na TRA wanamalizwa, na droo inabaki tupu. Ikilipa nusu, zipo Sh550,000. Anamlipa muuzaji wa jumla, anatenga ya TRA, kisha anamfuata mwenye nyumba kabla hajafuatwa.

Fundi naye ana watoto. Apewe tarehe ya kweli, na fedha za kwanza kutoka kwa wale wa siku 0 hadi 30 ziende kwake. Akirushwa kila mwezi kwa sababu ni mpole, atafika siku 100.

Na ada ya mtoto? Iandikwe kwenye orodha hiyo hiyo pamoja na tarehe yake. Ikichotwa kimya kimya kwenye droo, hesabu yote hii inavurugika.