Ex wangu, mbwa wa Chiku na picha iliyopigwa flashi

Wadau, kuna kaka mmoja wa Kasulu, jina namsitiri, tuliachana mwaka jana. Kabla ya kuachana alishawaambia washkaji kwamba mimi kichwani hesabu hazipandi. Hilo nililibeba mpaka nikarudi nalo kwetu Kibondo.

Juzi mtu akatupia fumbo kwenye grupu, picha ya ukurasa wa kitabu. Nyumba nne kwenye mstari, watu wanne, kila mmoja na mfugo wake: mbuzi, paka, kuku, mbwa. Mbuzi yuko nyumba ya kwanza kushoto. Asha anaishi nyumba inayofuata kulia kwake. Dula anafuga kuku. Chiku hafugi mbuzi. Beni ni jirani wa mwenye paka. Dokezo la sita flashi imelimeza lote. Swali: nani anafuga mbwa?

Ex hakukawia: "Asha. Anayebisha anilipie migebuka."

Nikabisha. Nikachora jedwali, majina pembeni, namba za nyumba na mifugo juu. Tiki kwa kilicho hakika, X kwa kisichowezekana. Ukiweka tiki moja, jaza X palipobaki kwenye mstari ule na safu ile, ndiko majibu yanakojificha.

Asha yuko nyumba ya pili, hilo halina mjadala. Sasa nyumba ya kwanza, yenye mbuzi, ni ya nani? Si Asha. Si Dula, ana kuku. Si Chiku, tumeshaambiwa. Kabaki Beni! Hakuna dokezo lililomtaja hapo, nimempata kwa X tatu tu. Na Beni akiwa wa kwanza pembeni, jirani yake ni mmoja, Asha. Basi paka ni wa Asha, kuku wa Dula, mbwa wa Chiku.

Ex akaja juu: picha haijakamilika, hatujui kati ya Dula na Chiku nani wa tatu nani wa nne. Kweli, hatujui. Ila swali halikuuliza nyumba, limeuliza mbwa, na mbwa ni wa Chiku popote pale atakapokaa.

Nikamwomba atume jedwali lake. Kumbe Beni kamweka nyumba ya tatu, Chiku mwenye paka ya nne, halafu Dula akaangukia ya kwanza. Dula huyo huyo mwenye kuku, kwenye nyumba ya mbuzi! Angerudia kusoma madokezo yote akiwa na jibu mkononi, angeliona.

Akajitetea eti mafumbo haya ni ya Einstein, si ya kila mtu. Hata hapo kachapia. Watu husema hivyo bila ushahidi. Lile maarufu la nyumba tano na pundamilia lilichapwa na jarida la Life International mwaka 1962.

Jioni mwenye kitabu akapiga picha upya, bila flashi. Dokezo la sita: kuku wako kushoto kwa mbwa. Dula wa tatu, Chiku wa nne.

Migebuka naisubiri Jumamosi, stendi ya Kasulu.