Tulipe nani kwanza? Madeni matano na dola 80 kwa mwezi



Sisi ni wamama watatu wa Bukavu. Mmoja wetu ni mwalimu, wawili wanauza kila siku, na pamoja tuna depo ndogo ya unga na maharagi karibu na soko la Kadutu. Mauzo yalishuka ghafula kutoka dola 180 kwa siku hadi 60, na madeni yalibaki yaleyale. Tunaandika namna tulivyoyapanga, kwani wengi wanatuuliza.

Kwanza tulitafuta pesa tuliyoweza kutoa kweli. Kwa mauzo ya dola 60 faida ni dola 10 hivi, ndiyo 260 kwa siku 26 za kazi. Tulitoa kodi ya mwezi 30, usafiri na taksi ya soko 30, na dola 40 za chakula kwa kila nyumba. Zilibaki 80. Pesa ya kununua mifuko mingine hatukuigusa, kwa sababu ukilipa deni kwa mtaji, mwezi unaofuata hutakuwa na cha kuuza wala cha kulipa.

Kisha tuliandika madeni yote kwenye ukurasa mmoja. Mkopeshaji wa faida alitudai dola 100, na kila mwezi faida ya 20. Ya mwezi uliopita ilikuwa haijalipwa. Muso yetu ilitudai 200, kwa faida ya 10 kila mwezi. Mwuzaji wa jumla alidai 240 bila faida. Mwenye depo alidai kodi ya miezi miwili, 60. Na mama mkubwa wa mmoja wetu alidai 80, tena alikuja nyumbani kila jioni kudai.

Hatukufuata sauti ya anayedai. Kwa kila deni tuliuliza maswali mawili: tukichelewa mwezi mmoja, deni linaongezeka kiasi gani? Na tunapoteza nini? Mkopeshaji alikuwa wa kwanza, kwani deni lake lilikua kuliko yote. Mwenye depo alifuata: angeanza kukata kwenye garanti yetu, halafu kutufungia mlango. Muso ilitaka walau faida yake, kwa sababu ile ni pesa ya wamama wenzetu. Mwuzaji wa jumla hakuongeza kitu, lakini akituacha, depo imekufa. Mama mkubwa alikuwa wa mwisho, ingawa ni yeye aliyetusumbua zaidi.

Tulienda kwa kila mmoja wawili wawili, kabla ya siku ya kulipa, tukiwa na daftari. Wote tuliwaonyesha hesabu ileile, kwani sokoni wadai wanaongea, na ukimwambia huyu 80 na yule 50, kesho hakuna atakayekuamini.

Mkopeshaji alikataa kwanza. Tukamwambia: « Papa, tukilipa faida tu, mtaji wako hautarudi. Chukua 120, mara tatu za 40, na faida isimame. » Alikubali kwa sharti kwamba tukichelewa wiki moja faida inarudi. Mwuzaji wa jumla tulimwomba apokee 10 kwa mwezi, na mifuko mipya tuilipe palepale kwa pesa mkononi. Hilo ndilo lililomtuliza.

Basi kwa miezi mitatu dola 80 ziligawanyika hivi: 40 kwa mkopeshaji, 20 kwa mwenye depo, 10 kwa muso, 10 kwa mwuzaji wa jumla. Wawili wa kwanza wakaisha. Kuanzia mwezi wa nne muso ilipata 50, mwuzaji wa jumla 20, na mama mkubwa 10. Yeye tulikuwa tumemwambia tangu mwanzo: « Mama, miezi mitatu hutapata kitu, kisha utapata 10 kila mwezi mpaka iishe. » Alinuna wiki mbili, lakini alipoona tarehe imeandikwa aliacha kuja jioni.

Kila makubaliano tuliyaandika kwenye karatasi mbili, na sahihi ya shahidi. Andikeni pia aina ya pesa. Sisi tunauza kwa franka na kudaiwa kwa dola, kwa hiyo tuliandika kwamba franka zitahesabiwa kwa bei ya siku ya kulipa, na kila jioni tulibadilisha sehemu ya deni ili franka ikishuka isitule.

Mpango unaweza kuharibika bila kelele. Kila Jumamosi angalieni mambo mawili: mtaji wa deni kwenye daftari, na idadi ya mifuko ndani ya depo. Deni likishuka huku mifuko ikipungua, mnakula mtaji. Rudini haraka kwa wadai mkaombe kiasi kidogo zaidi, kabla hamjakopa kwa mmoja ili kumlipa mwingine.