Mwezi mgumu Utemini: Mama alipoweka hesabu mezani

Ilikuwa tarehe 24 Machi, saa moja na nusu asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajafika. Wafanyakazi wanane wa zahanati moja ndogo ya binafsi katika eneo la Utemini, mjini Singida, waliitwa wakae kwenye mabenchi ya wagonjwa. Mwenye zahanati, muuguzi mstaafu ambaye wote humwita Mama, alisimama mbele yao akiwa na daftari la hesabu na bahasha ya kaki iliyojaa fomu.

Walikwishahisi jambo. Kwa wiki mbili dawa zilikuwa zikinunuliwa kidogo kidogo, na msambazaji alikuwa amepiga simu mapokezi mara tatu akiulizia deni lake. Mapokezi wakinong'ona, mlinzi husikia, na mlinzi akisikia, habari hufika nyumbani kwa kila mtu kabla ya chakula cha jioni. Jikoni kwao watu walikuwa wakiulizana kama tarehe 30 kutakuwa na mshahara. Mama wa usafi alikuwa ameshamwomba mwenye nyumba amvumilie kodi, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba hatalipwa.

Hotuba yenyewe haikufika dakika kumi.

"Wanangu, nimewaita niwaambie hali ya fedha kabla hamjaisikia mtaani," alianza. "Mishahara yenu ya mwezi huu, mkononi, ni 4,200,000. Benki nina 2,700,000. Pungufu ni 1,500,000. Michango yenu ya NSSF nimeitenga pembeni na siigusi, maana ile iliyokatwa kwenye mishahara yenu si fedha yangu.

"Sababu ni mbili. Ya kwanza mnaijua. Mwezi huu watu wako shambani, alizeti haijavunwa, na anayelipa fedha taslimu huja akiwa amezidiwa tu. Hiyo huja kila mwaka na nilipaswa kujiwekea akiba. Sikuweka, kosa hilo ni langu. Ya pili iko kwenye bahasha hii. Madai yetu ya bima ya Januari yalikuwa 3,300,000. Tumelipwa 1,900,000. Fomu 52 zimerudishwa.

"Mimi mwezi huu sichukui kitu. Mlinzi, usafi, mapokezi na dirisha la dawa watalipwa chote tarehe 30. Daktari, muuguzi, maabara na karani wa bima, nawaomba mpokee nusu tarehe 30 na nusu tarehe 15 Aprili. Naomba, siamuru. Asiyeweza aje ofisini aniambie, na hatatajwa. Fedha ya bima isipofika tarehe 15, nimeshaomba mkopo kwenye chama chetu cha akiba na mikopo, nitawalipa kwa huo.

"Msaada mwingine ninaoutaka kwenu ni hizi fomu. Tuzipitie pamoja. Na neno la mwisho: mwezi huu mgumu usimwangukie mgonjwa. Asiandikiwe kipimo asichohitaji ili tupate fedha."

Akakaa.

Anayezijua zahanati za binafsi ataona kwamba uzito wa hotuba hiyo ulikuwa kwenye bahasha. Mgonjwa mwenye kadi ya bima akitibiwa, hatoi fedha. Anajaziwa fomu: ugonjwa uliogundulika, vipimo, dawa, bei, saini ya aliyemtibu na saini ya mgonjwa mwenyewe. Fomu za mwezi mzima hukusanywa na kupelekwa kwa mfuko wa bima kama madai. Huko huhakikiwa, na kisichoeleweka hukatwa. Kwa hiyo dawa iliyotolewa Januari imeshanunuliwa na imeshamezwa, lakini malipo yake yanategemea karatasi itakayosomwa wiki kadhaa baadaye na mtu ambaye hakumwona mgonjwa.

Mama alikuwa ameshazipanga zile fomu 52 kwa mafungu matatu. Kumi na moja hazikuwa na saini ya mgonjwa. Kumi na nane zilidai malipo ya kipimo bila majibu ya maabara kuambatanishwa. Ishirini na tatu zilikuwa na ugonjwa na dawa visivyolingana. Fomu moja ilisomeka "homa" tu, kisha ikafuata antibayotiki ya sindano kwa siku tatu. Tabibu alijua kwamba mtoto yule alikuwa na nimonia, na kwenye jalada lake aliandika hivyo kwa urefu. Kwenye fomu, saa saba mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni, aliandika neno moja.

Hapo ndipo mwenye mali wengi hukasirika. Rafiki yake mmoja mwenye zahanati alikuwa amemshauri awakate mishahara waliokosea, kila mtu kwa fomu zake. Mama hakuufuata ushauri huo, na sheria pia haiurahisishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara kwa uamuzi wake peke yake. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, na akubali deni kwa maandishi. Hata akikubali, makato hayazidi robo ya mshahara wake. Sheria hiyohiyo inataka mshahara ulipwe siku iliyokubaliwa. Ndiyo maana Mama aliomba nusu ya pili isogezwe, na waliokubali wakaandikiana naye karatasi yenye kiasi na tarehe.

Alikuwa na sababu nyingine ambayo haimo kwenye sheria. Mtu akijua kila fomu mbaya itamkata, ataificha. Fomu zenye kasoro zingeishia kwenye droo, na zahanati ingepoteza hata zile zinazorekebishika.

Wa kwanza kuuliza alikuwa karani wa bima, kijana aliyemaliza chuo mwaka uliopita.

"Mama, hizi kumi na moja zisizo na saini si tuwasainie tu? Walitibiwa kweli."

"Walitibiwa kweli, mwanangu. Lakini ukimsainia mtu, fomu ya kweli inageuka kuwa ya kughushi. Mpigie simu aje asaini mwenyewe. Asiyepatikana, hasara hiyo tumeila."

Mtaalamu wa maabara aliuliza swali gumu zaidi. "Na mwezi ujao, Mama? Tutaitwa tena hapa?"

Hakumpa ahadi. Alijibu kwamba Aprili nayo itakuwa nyembamba, kwa sababu madai ya Februari yalikwishapelekwa yakiwa yamejazwa kwa mtindo uleule wa Januari, na huenda nayo yakakatwa. Nafuu ya fedha taslimu aliitarajia baada ya mavuno ya alizeti kuanza kuuzwa. Akaongeza kwamba ikifika mahali pa kufikiria kupunguza watu, atawaambia mapema na watakaa kuzungumza kabla ya uamuzi. Hilo nalo sheria inamtaka alifanye. Lilikuwa jibu la kutisha, lakini baada ya hapo kila mmoja alijua aende nyumbani akaseme nini.

Mchana muuguzi aligonga mlango wa ofisi. Mwanawe alikuwa anarudi shule ya bweni, na nusu mshahara, 400,000, isingetosha kodi, nauli na mahitaji ya mtoto. Alihitaji 150,000 zaidi. Hesabu ilikuwa imebana. Mishahara kamili ya wanne wa kwanza ilikuwa 1,100,000, na nusu za wanne wengine 1,550,000. Katika 2,700,000 zilibaki 50,000 tu. Mama alimwita tabibu, hakumtajia jina, akamwuliza kama anaweza kusogeza 100,000 nyingine hadi tarehe 15. Tabibu alifikiri kidogo, akasema mkewe anafanya kazi, wataweza. Pengine alijua ni nani. Hakuuliza.

Kuhusu fomu walikubaliana jambo dogo. Hakuna mgonjwa wa bima anayeondoka kabla mtu wa pili hajaisoma fomu yake. Aliyeko dirisha la dawa ndiye wa mwisho kumwona mgonjwa, hivyo akapewa kazi ya kuangalia vitu vitatu: saini ipo, ugonjwa umeandikwa kwa jina lake na unalingana na dawa, majibu ya maabara yamebanwa nyuma. Kikikosekana kimoja, fomu inarudi chumba cha daktari mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Siku za kwanza foleni ilirefuka na baadhi ya wagonjwa walinung'unika. Tabibu naye alikereka kurudishiwa karatasi na binti anayempita miaka kumi na tano. Wiki ya pili alianza kuandika vizuri tangu mwanzo, ili asirudishiwe.

Fomu za zamani walizipitia jioni mbili baada ya kazi. Majibu ya maabara ya wagonjwa wote 18 yalikuwa kwenye rejesta, yakanakiliwa na kuambatanishwa. Katika zile 23, majalada yalithibitisha matibabu ya 14. Tisa zilizobaki hazikuwa na maelezo ya kutosha hata kwenye jalada, na Mama alikataa yaongezwe kwa kukumbuka. Wagonjwa watano kati ya kumi na mmoja walikuja kusaini, mmoja wao bibi aliyeletwa kwa bodaboda, na nauli yake ikalipwa na zahanati. Fomu 37 zenye thamani ya 960,000 zilipelekwa tena. Fomu 15, yaani 440,000, zilihesabiwa kuwa hasara.

Tarehe 15 Aprili fedha ya bima ilikuwa bado haijafika. Mama alichukua mkopo kama alivyosema, na kabla ya saa sita mchana wote wanne walikuwa wamelipwa. Riba ya mkopo ule ni yeye anayeilipa.

Hata hivyo, mtaalamu wa maabara aliaga mwishoni mwa mwezi huo. Alikuwa amepata nafasi mahali pengine, penye mshahara wa uhakika zaidi, na ana watoto wawili. Hakuna aliyemlaumu. Kabla ya kuondoka alikaa jioni nzima na mwenzake mpya, akamwonyesha rejesta, na akamwonyesha mahali pa kubana majibu nyuma ya fomu.