Duara, Bikari na Namba Kumi na Saba

Wataalamu wa jiometria wa Uyunani ya kale walijiwekea sheria ngumu. Katika kuchora maumbo waliruhusu vyombo viwili tu: rula isiyo na alama yoyote ya kipimo, na bikari. Kwa vyombo hivyo Euclid, aliyeishi yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alionyesha katika kitabu cha nne cha Elementi zake jinsi ya kuchora ndani ya duara pembetatu, mraba, pembetano, pembesita na umbo la pembe kumi na tano, kila moja likiwa na pande zilizo sawa na pembe zilizo sawa. Na kwa kuwa bikari yaweza kuigawa pembe yoyote nusu kwa nusu, kila umbo lililopatikana lilizaa jingine lenye pande maradufu. Lakini maumbo ya pembe saba, tisa, kumi na moja, kumi na tatu na kumi na saba yalikataa. Zaidi ya miaka elfu mbili ilipita, na hapana hata umbo moja jipya lililoongezwa katika orodha ile.

Si kwamba mafundi walikosa njia ya kujikimu. Abu'l-Wafa al-Buzjani, aliyefanya kazi Baghdadi katika karne ya 10, aliwaandikia mafundi njia nyepesi ya pembesaba: chora pembetatu sawa ndani ya duara, kisha chukua nusu ya ubavu wake iwe ubavu wa pembesaba. Jicho hulikubali umbo hilo, walakini hesabu hailikubali. Katika duara lenye nusu kipenyo cha kipimo 1, nusu ya ubavu wa pembetatu ni 0.8660, na ubavu wa kweli wa pembesaba ni 0.8678. Atakaye kuuona upungufu huo na achore duara la nusu kipenyo cha sentimeta 10, aibane bikari kwa kipimo hicho, na kuitembeza mara saba. Ncha ya mwisho itakomea kiasi cha milimeta moja na theluthi kabla ya kufika pale ilipoanzia. Kwa seremala pengo hilo si kitu. Kwa mwanajiometria ni ushahidi kwamba umbo lile silo.

Mwaka 1796 kijana wa Braunschweig, Carl Friedrich Gauss, alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Göttingen, na umri wake ulikuwa haujatimia miaka kumi na tisa. Moyo wake ulikuwa umegawanyika kati ya elimu ya lugha za kale na elimu ya hesabu. Mwishoni mwa Machi alitambua kwamba umbo la pembe kumi na saba lachorwa kwa rula na bikari. Alilifanya jambo hilo kuwa neno la kwanza katika daftari lake la uvumbuzi, tarehe 30 Machi, na tangu hapo shaka ya njia ya kufuata ikamwisha. Ajabu ni kwamba hakuifikia siri hiyo kwa kuchora. Aliifikia kwa kuhesabu.

Rula huchora mstari, na bikari huchora duara. Ncha mpya hupatikana pale mistari au maduara yanapokutana tu, na kila makutano hayo, yakigeuzwa kuwa hesabu, hayadai zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo cha pili. Kwa hiyo swali la kuchora ni swali hili: je, kipimo kitafutwacho chaweza kupatikana kwa vipeuo vya pili peke yake, kimoja baada ya kingine?

Na lichukuliwe duara lenye nusu kipenyo cha 1, na ncha kumi na saba zilizopangwa sawasawa juu yake, zikihesabiwa kutoka 0 hadi 16. Ncha 0 iwe kwenye mwisho wa kulia wa kipenyo kilicholala. Kutoka kila ncha ishushwe au ipandishwe mistari ya wima mpaka kwenye kipenyo hicho, na umbali kutoka kitovu hadi mguu wa mstari uitwe kivuli cha ncha ile; kivuli cha kulia kiwe chanya na cha kushoto kiwe hasi. Kwa kuwa ncha zimepangwa sawasawa, vivuli vyote kumi na saba husawazishana, na jumla yake ni sifuri. Kivuli cha ncha 0 ni 1. Basi jumla ya vile kumi na sita vilivyosalia ni −1. Hiki ndicho kipimo cha pekee kinachojulikana mwanzoni. Kinachotafutwa ni kivuli cha ncha 1.

Hapa ndipo Gauss alipofanya lile ambalo halikufanywa kabla yake. Hakuzipanga ncha kwa jinsi zinavyokaa juu ya duara, bali kwa kuzidisha. Anza na 1, uzidishe kwa 3, na kila upitapo 17 ushike baki tu. Hupatikana mfuatano huu: 1, 3, 9, 10, 13, 5, 15, 11, 16, 14, 8, 7, 4, 12, 2, 6, na 6 mara 3 ni 18, ambayo baki yake ni 1, mzunguko ukarudi mwanzo. Ncha zote kumi na sita zimepita, kila moja mara moja. Hili lawezekana kwa sababu 17 ni namba tasa. Kwa 15, hapana namba ya kuzidishia iwezayo kuzipitia namba zote kutoka 1 hadi 14.

Sasa mfuatano ugawanywe kwa kuruka moja moja. Kundi la kwanza ni 1, 9, 13, 15, 16, 8, 4, 2. La pili ni 3, 10, 5, 11, 14, 7, 12, 6. Jumla ya vivuli vya makundi yote mawili ni −1. Na jumla ya kundi moja ikizidishwa kwa jumla ya kundi la pili, kila kivuli kati ya vile kumi na sita hutokea mara nne, nalo zao huwa −4. Namba mbili ambazo jumla yake na zao lake vyajulikana hupatikana kwa kipeuo cha pili kimoja. Hapa ni kipeuo cha 17, ambacho bikari hukipata bila taabu: ni ubavu mrefu wa pembetatu mraba yenye pande za 1 na 4. Kundi la kwanza ni 1.5616, la pili ni −2.5616.

Kila kundi la nane ligawanywe tena kwa kuruka moja moja. La kwanza huzaa kundi la 1, 13, 16, 4 na kundi la 9, 15, 8, 2. Jumla yao ni 1.5616 na zao lao ni −1. Kwa hiyo ni 2.0495 na −0.4879. La pili huzaa kundi la 3, 5, 14, 12 na kundi la 10, 11, 7, 6, yenye jumla ya −2.5616 na zao la −1. Kwa hiyo ni 0.3442 na −2.9057. Mara ya tatu, kundi la 1, 13, 16, 4 hugawanyika kuwa jozi ya 1 na 16, na jozi ya 13 na 4. Jumla ya jozi hizo ni 2.0495, na zao lao ni lile 0.3442 lililokwisha kupatikana. Jozi ya 1 na 16 ni 1.8649. Ncha hizo mbili zina kivuli kimoja, basi kivuli cha ncha 1 ni nusu yake, yaani 0.9325. Pima umbali huo kutoka kitovu, simamisha mstari wa wima, nao utalikata duara kwenye ncha 1. Umbali wa kutoka ncha 0 ni 0.3675, na bikari ikitembezwa mara kumi na saba kwa kipimo hicho hurudi ilipoanzia.

Kumi na sita ikawa nane, nane ikawa nne, nne ikawa mbili. Njia ilikuwa nyeupe kwa kuwa kumi na sita ni mbili iliyozidishwa kwa nafsi yake na haina kitu kingine ndani yake. Saba haina bahati hiyo. Saba kutoa moja ni sita, na sita ni mbili mara tatu. Jozi za vivuli vya pembesaba ni tatu, nazo hufungwa pamoja na mlinganyo x³ + x² − 2x − 1 = 0; tatu haigawanyiki nusu kwa nusu. Gauss alitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1801 kwamba maumbo ya namna hiyo hayachoriki, akawaonya watu wasipoteze wakati wao, lakini hakuchapisha hoja yake. Mfaransa Pierre Wantzel ndiye aliyeithibitisha mwaka 1837.

Kanuni iliyokamilika ni hii: umbo huchorika ikiwa idadi ya pande zake imejengwa kwa mbili, zikirudiwa mara zozote, na kwa namba tasa zilizo kubwa kwa moja kuliko kipeo cha mbili, kila moja ikitumiwa mara moja tu. Kumi na tano huchorika kwa kuwa ni tatu mara tano. Tisa haichoriki, kwa kuwa tatu imerudiwa.

Namba tasa za namna hiyo ni adimu. Kipeo chenyewe hakina budi kuwa 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea maradufu. Kikiwa na kigawo kisichogawika kwa mbili, namba huvunjika. Kwa mfano 2¹² + 1 ni 4097, nayo ni 17 mara 241. Zilizosalia ni 3, 5, 17, 257 na 65537. Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliamini kwamba mfuatano huo huendelea kuzaa namba tasa pasipo mwisho. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ile inayofuata, 4294967297, ni 641 mara 6700417. Tangu siku hiyo haikuonekana namba tasa nyingine katika mfuatano huo, wala haijathibitishwa kwamba haipo. Kwa zile tano zijulikanazo, maumbo yenye idadi ya pande isiyogawika kwa mbili yachorikayo ni thelathini na moja tu.

Johann Gustav Hermes alijitwika umbo la pande 65537, akalifanyia kazi kwa miaka kumi hivi, na mwaka 1894 akaikabidhi kazi yake Göttingen, ambako imehifadhiwa. Katika duara la nusu kipenyo cha meta moja, ubavu wa umbo hilo haufiki sehemu moja ya kumi ya milimeta, na unene wa mstari wa kalamu waumeza. Hata pembe kumi na saba zina shida hiyo: kwenye sanamu ya Gauss iliyoko Braunschweig iliwekwa nyota ya ncha kumi na saba badala ya umbo lenyewe, maana umbo lenyewe, kwa mtazamaji asiyelihesabu, ni duara tu.